Kusoma mita ya mishale kwenye picha

Ukitumiwa picha ya mita ya zamani yenye viduara vya mishale, anza kusoma kiduara cha kulia kabisa, si cha kushoto. (Chekundu kiache, hicho ni cha sehemu ya uniti.) Viduara vilivyo jirani huzunguka kinyume, kwa hiyo angalia namba zinapanda kuelekea wapi. Mshale ukiwa kati ya namba mbili, chukua iliyokwisha pitwa. Kati ya 9 na 0 ni 9.

Kinachochanganya ni mshale uliosimama juu ya namba kabisa. Hapo mwamuzi ni kiduara cha kulia kwake. Tuseme mwezi uliopita ilisoma 4186. Picha ya leo, kutoka kushoto: 4, kisha mshale uko juu ya 4, kisha 9, kisha 2. Ile 9 haijafika 0, maana yake mia ya nne bado. Andika 4392. Toa 4186, unapata uniti 206. Ukiandika 4492 umejiongezea uniti 100 nzima.

Picha iliyopigwa kwa pembeni huusogeza mshale, omba nyingine iliyopigwa mbele kabisa.