Hotuba ya dakika 40: wapi upandishe sauti, wapi unyamaze

Juzi nilisaidia mama mumoja wa hapa Goma kuandika hotuba ya plenari, dakika 40, juu ya ule usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021 Nyiragongo ilipolipuka. Nachukua hiyo kama mfano.

Kwanza hesabu maneno. Mimi nahesabu 100 kwa dakika, ju maneno ya Kiswahili ni marefu. Inatoa 4,000, lakini andika 3,300 tu, ile ingine ni ya kucheka, kunyamaza na watu kujibu. Ukijaza yote msemaji ataanza kukimbia mwishoni, na kule njo uliweka kilele chako.

Kiisha, pembeni ya kila paragrafu andika namba, 1 mpaka 5, sauti na moto viko wapi. Za mama zilikuwa hivi: 5, 5, 4, 5, zote ndani ya dakika 12 za kwanza, mbingu nyekundu, watu wanakimbilia Gisenyi na Sake, lava inasimama Buhene, na kutoka pale hakuna tena mahali pa kupanda. Tukaacha mbingu nyekundu peke yake mwanzoni, dakika mbili, tukashuka kwenye 2 kueleza mlima, Buhene tukaipeleka dakika ya 31.

Sasa kimya, na hapa njo watu wengi wanakosea, wanakiweka baada ya kilele tu. Kiweke mbele yake. Dakika ya 27 mama anafunga mlango wa nyumba na hajui abebe nini: sentensi fupi, skrini nyeusi, na ndani ya skripti tumeandika NYAMAZA, HESABU 4, ju usipoandika atajaza na "eee". Uliza pia grupu ya umeme iko wapi. Kurant ikikatika na grupu inanguruma nyuma ya sali, sauti ya chini inapotea, basi asogeze mdomo karibu na mikro, asipandishe sauti.

Kuamsha watu tuliweka mara mbili. Dakika ya 11 nilitaka wimbo (nilikosea kabisa), kwenye mazoezi watu walipanda mpaka 5 na kuwarudisha kulikula dakika tatu. Tukaweka swali la mkono: nani alikuwa hapa 2002, lava ilipoingia mjini? Sekunde 20, watu wanageuka kuangaliana, inatosha. Dakika ya 23: ambia jirani yako kitu kimoja ungebeba. Dakika moja ya kuongea, sekunde 30 za kutulia. Ile kazi njo inabeba kimya cha 27, ju kila mtu amekwisha kuchagua kitu chake.

Kwenye mazoezi kaa nyuma, usiangalie msemaji, sikiliza viti. Vikianza kulia dakika ya 17 na swali liko 23, usiongeze swali la tatu, kata paragrafu za namba 2 zilizofuatana. Sisi tulikata mbili, zote za historia ya mlima, na mama alinuna kidogo.