SOMO: Mchoro wa kani umepotea kwenye swali, tunaujenga upya kwa maneno mpaka ikwesheni zisimame

Habari za jioni wana fizikia wa Kigoma na wengine wote. Juzi kijana wa fomu sikisi ninayemfundisha tuisheni hapa Ujiji kaniletea karatasi ya maswali, ni fotokopi ya fotokopi, maandishi yanasomeka vizuri tu ila pale palipokuwa na mchoro pamebaki weupe, na swali linasema "kama inavyoonekana kwenye mchoro". Yeye alikuwa ameliruka. Nikamwambia kaa hapa, hili halirukwi, maana karibu kila kitu kilichokuwa kwenye mchoro kipo ndani ya maneno, kinachokosekana kweli ni kitu kimoja tu na hicho nacho tunaweza kukipata.

Swali lenyewe nimeliweka kwa Kiswahili: kasha la kilo 40 linavutwa kwa kamba kupanda ubao ulioinama nyuzi 20 kutoka mlalo. Kamba inafanya pembe ya nyuzi 40 kama inavyoonekana kwenye mchoro. Kigawe cha msuguano kati ya kasha na ubao ni 0.30, kasha linapanda kwa kasi ileile. Tafuta tensheni ya kamba, chukua g = 10 m/s². Nyuma ya karatasi jibu limeandikwa 239 N.

Waliowahi kushinda pale mwalo wa Kibirizi wameona kitu hiki kwa macho, ubao umeegeshwa kwenye bodi la lori, kreti la dagaa liko katikati ya ubao, jamaa juu ya lori anavuta kamba. Weka picha hiyo kichwani.

HATUA YA 1. Chagua kitu kimoja, halafu uliza nani anakigusa

Kitu chetu ni kasha. Sio ubao, sio mvutaji. Sasa zunguka kasha kwa vidole kabisa: linaguswa na ubao, linaguswa na kamba, basi. Kamba inatoa kani moja, tensheni T. Ubao unatoa mbili, kuna ile inayosukuma kasha kutoka kwenye uso wa ubao, nomo N, na kuna msuguano f unaokwenda na uso. Halafu dunia inavuta bila kugusa, huo ndio uzito W. Jumla kani nne, na kama una ya tano basi niambie ni kitu gani kinachoitoa. Wengi wanaongeza "kani ya mwendo" inayoelekea juu kwa sababu kasha linapanda. Hakuna kitu kama hicho, hakuna anayeitoa, ifute.

HATUA YA 2. Mwelekeo wa kila moja

W inaelekea chini wima, yaani kuelekea katikati ya dunia, sio chini kwa kufuata ubao. N inatoka kwenye ubao kwa nyuzi 90 na ubao wenyewe. T inafuata kamba kuelekea kwa mvutaji, kamba haisukumi hata siku moja. Msuguano ndio unahitaji kusoma swali: kasha linateleza kupanda, kwa hiyo f inashuka na ubao. Neno "kupanda" limekupa mwelekeo huo bila mchoro wowote.

HATUA YA 3. Pembe, na kila pembe iandikwe inaanzia wapi

Hapa ndipo naomba mtulie. Ukiandika "nyuzi 40" peke yake hujaandika kitu. Andika nyuzi 40 kutoka kwenye nini. Mimi huwa naandika orodha hivi, mhimili mmoja unapanda na ubao, mwingine unatoka kwenye ubao kwa nyuzi 90:

```
W = 400 N   chini wima; nyuzi 20 kutoka mstari wa N
N = ?       nyuzi 90 na ubao, kwenda nje
f = 0.30×N  sambamba na ubao, kushuka
T = ?       kwa mvutaji; pembe b kutoka UBAO
```

Ile 20 ya uzito watu wanakariri bila kujua imetokea wapi. Ubao ukilala flati, uzito na mstari wa N viko kwenye mstari mmoja, pembe kati yao sifuri. Inua ubao nyuzi 20, mstari wa N unageuka nao nyuzi 20 ila uzito haugeuki, unabaki wima. Basi kati yao ni 20. Ndiyo maana kipande cha uzito kinachoshuka na ubao ni W sin20, na kinachokandamiza ubao ni W cos20. Ukisahau, jaribu kuweka sifuri badala ya 20: kwenye ubao flati hakuna kinachoteleza, na sin0 ni sifuri, sawasawa.

Ile b nimeiacha wazi makusudi maana ndicho kitu pekee ambacho mchoro ulikuwa unakijua na maneno hayakijui.

HATUA YA 4. Simamisha ikwesheni kabla ya kujua b

Kasi ileile maana yake mchapuko sifuri, kani zinasawazishana kwenye kila mhimili.

```
Kwenye ubao:    T cos b = W sin20 + f
Nje ya ubao:    N + T sin b = W cos20
Msuguano:       f = 0.30×N
```

Ya pili isome vizuri. Kamba inavuta juu kidogo kwa hiyo inalipunguzia kasha kukandamiza ubao, na N inakuwa ndogo kuliko W cos20. Toa N hapo, ingiza kwenye ya kwanza, unapata:

```
T = W (sin20 + 0.30 cos20) / (cos b + 0.30 sin b)
T = 249.6 / (cos b + 0.30 sin b)
```

HATUA YA 5. Sasa mwite shahidi, yaani jibu la nyuma

Nyuzi 40 inaweza kupimwa kutoka sehemu tatu. Kama ni kutoka kwenye ubao, b = 40 na T inatoka 260 N. Kama ni kutoka mlalo, ubao umeshachukua 20 kwa hiyo b = 20, T ni 239 N. Kama ni kutoka wima, kamba iko nyuzi 50 juu ya mlalo, b = 30, T ni 246 N. Jibu la karatasi ni 239, basi mchoro uliopotea ulionyesha 40 kutoka mlalo, tumeupata.

Hakiki kwa kurudisha namba: N = 375.9 − 81.9 = 294 N, f = 88.2 N. Upande wa kushoto T cos20 ni 225.0, upande wa kulia 136.8 + 88.2 ni 225.0. Na N imetoka chanya, ingetoka hasi ingemaanisha kamba imeshalinyanyua kasha juu ya ubao na orodha yote ingekuwa batili.

Kuna kitu kimoja nimekiona kinawapoteza hata wanafunzi wazuri. Kama kwenye swali kamba ingekuwa nyuzi 15 na ukasema ni kutoka mlalo, kamba ingekuwa imelala chini kuliko ubao wenye 20, yaani imepita ndani ya mbao. Haiwezekani, kwa hiyo usomaji huo unaufuta kabla hata ya kushika kalkuleta.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali kutoka Kasulu: Ticha, mimi nimepata 265.6, ipo karibu na 260 kwa hiyo nikasema pembe ni kutoka kwenye ubao. Nimekosea wapi?

Jibu: Hapana mdogo wangu, "karibu" haitoshi hapa maana majibu matatu yenyewe yamekaribiana. Nimeifuatilia 265.6 yako, umechukua N = W cos20 = 375.9, msuguano ukawa 112.8, halafu ukagawa kwa cos20. Yaani umesahau T sin b kwenye ikwesheni ya pili. N sio mg cos kila siku, inakuwa hivyo tu pale ambapo hakuna kani nyingine inayovuta au kusukuma nje ya ubao. Rekebisha hapo utaona inashuka hadi 239.

Swali kutoka Uvinza: Karatasi yangu ina swali hilohilo ila jibu limeandikwa 240 N na mimi natumia g 9.8. Nikiweka b = 30 napata 240.7. Sasa ni wima au mlalo?

Jibu: Swali zuri sana hili, na ndio hatari yenyewe ya kumtegemea shahidi. Ukitumia 9.8 majibu yote matatu yanashuka kwa asilimia 2, na lile la wima linaangukia karibu kabisa na lile la mlalo la g = 10. Kwa hiyo kwanza tumia g ambayo karatasi imekupa, kama ni 10 basi 239.4 ikikadiriwa kwa tarakimu mbili ni 240 na mlalo umeshinda, 246 haiwezi kukadiriwa kuwa 240. Kama karatasi haisemi g kabisa, jibu la tarakimu mbili haliwezi kukuamulia, angalia swali jingine kwenye karatasi hiyohiyo lenye uzito na jibu uone mtungaji alitumia g ipi.

Swali: Na kama hakuna jibu nyuma?

Jibu: Andika mstari mmoja juu kabisa, "nimechukua nyuzi 40 kutoka mlalo", chora mchoro wako, endelea. Mtu anayesahihisha aone wazi umeanzia wapi. Kama swali linasema "kamba inafanya pembe ya nyuzi 40 na ubao" hapo usidhanie kitu, neno "na" limeshakupa.

Swali kutoka Kigoma mjini: Kaka, swali langu linasema kasha limetulia tu, halipandi halishuki, kamba imeshikwa kwa 100 N. Msuguano niuelekeze wapi? Mchoro nao haupo.

Jibu: Hapo dada yangu hata mchoro ungekuwepo mara nyingi usingekuambia. Na usiandike f = 0.30×N, hiyo ni ya kasha linaloteleza au lililo ukingoni kuteleza. Kwa kasha lililotulia acha f iwe haijulikani, chagua mwelekeo wowote, tuseme inapanda, halafu iache ikwesheni iseme. Kwa b = 20: 100 cos20 ni 94.0, uzito unavuta chini 136.8, basi f = 42.8 N, imetoka chanya kwa hiyo kweli inapanda, inamsaidia aliyeshika kamba. Halafu pima kama ubao unaweza kuitoa: N ni 375.9 − 34.2 = 341.7, kiwango cha juu ni 102.5 N kama kigawe cha kutulia ni hichohicho 0.30, kwa hiyo inatosha. Ongeza tensheni mpaka 145.6 N msuguano unakuwa sifuri kabisa, zaidi ya hapo unageuka kushuka, na ukifika 239 ndipo kasha linaanza kupanda. Ukilegeza chini ya 28.7 N linarudi chini lenyewe.