Kanga ya pamba puani, si shifoni

Kwa mnaouza nje hapa Tabora, hasa Agosti na Septemba upepo ukianza kubeba mchanga: vumbi likikusumbua, acha mtandio wa shifoni, chukua kipande cha kanga ya pamba iliyokwisha kufuliwa mara nyingi. Kikunje mara mbili upate tabaka nne, funika pua na mdomo, fundo la juu lipite juu ya masikio na la chini shingoni. Nyuzi za pamba zina vinyweleo vinavyonasa chembe za vumbi, wakati shifoni ni laini na inateleza. Ipime juani kwanza: ukiona vitobo vya mwanga, ongeza kunjo. Mimi nilidhani kazi ni kitambaa tu, kumbe hewa hupita inakopata njia, yaani mashavuni. Usiku kipande kikiwa na mistari ya vumbi pembeni mwa pua, ujue hukukikaza hapo.

Kanga haizuii vumbi jembamba sana wala moshi wa mkaa, na ikilowa jasho kupumua kunakuwa kugumu, kwa hiyo beba vipande viwili na ubadilishe mchana. Mwenye pumu asiitegemee. Macho nayo yanahitaji miwani inayozunguka hadi pembeni, iliyoandikwa UV400, yaani inakinga macho na miale ya jua inayodhuru. Nyeusi isiyo na kinga hiyo ni mbaya zaidi, maana giza lake hupanua mboni na miale hiyo inaingia zaidi.