Barua ya udahili: soma masharti kabla ya kushangilia

Hongera iko mstari wa kwanza, masharti yako ukurasa wa tatu. Watu wengi husoma ule mstari wa kwanza, wakapiga picha na kuirusha kwenye kundi la familia, basi, barua imesomwa. Ifungue tena. Chukua kalamu na uisome mpaka viambatisho.

Jina lako lifanane herufi kwa herufi na lile la kwenye pasi au kitambulisho. Kozi, mwaka wa kuanza na muda wa masomo viwe ulivyoomba. Ukiona kosa, andikia ofisi ya udahili siku hiyo hiyo.

Halafu tafuta jambo moja: udahili huu ni kamili au ni wa masharti? Wa masharti maana yake chuo kimekushikia nafasi, bado hakijakukabidhi. Sharti laweza kuwa alama fulani kwenye mtihani wa mwisho, cheti cha lugha, au matokeo rasmi ya shule uliyotoka. Kila sharti lina sehemu tatu, nawe uziandike zote: kinachotakiwa, nani anakituma, na mwisho lini. Hiyo ya pili ndiyo watu huiruka.

Binti wa dada yangu aliiruka. Barua yake ilimtaka akubali nafasi kufikia tarehe 2 Mei, alipe malipo ya awali kufikia 16 Mei, na atimize masharti kufikia 31 Julai. Alikubali mapema, akalipa, akapewa risiti. Matokeo yalipotoka tarehe 10 Julai alama zilikuwa zimevuka kiwango, akayaskani na kuyapakia kwenye akaunti yake ya mwombaji. Nyumbani tukahesabu kazi imekwisha.

Akaunti iliendelea kuandika kwamba udahili ni wa masharti. Yeye akadhani ofisi inachelewa tu. Tarehe 24 Julai ndipo alipopiga simu, akaulizwa: matokeo yametumwa na shule? Barua ilisema wazi kwamba matokeo yatoke moja kwa moja kwa taasisi iliyoyatoa, kwa bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri, au kwa mfumo wake rasmi wa mtandaoni. Nakala anayopakia mwanafunzi husaidia kumtathmini wakati wa kuomba. Haitimizi sharti, kwa sababu imepita mikononi mwake. Shule nayo ikasema maombi ya nakala rasmi huchukua wiki tatu. Hesabu mwenyewe: 24 Julai ukiongeza wiki tatu ni 14 Agosti.

Kilichomwokoa ni barua pepe aliyoiandika kabla ya 31 Julai kuomba muda, akiambatanisha uthibitisho wa shule kwamba maombi yamepokelewa. Akaongezewa hadi mwisho wa Agosti. Angeandika tarehe 1, angekuwa anaomba nafasi ambayo huenda imeshapewa mtu mwingine. Hata hivyo barua ya kuombea viza ilisubiri mpaka sharti lifutwe, na alifika masomo yameshaanza.

Kwa hiyo omba nakala rasmi siku matokeo yanapotoka, na uulize itachukua muda gani. Kisha tazama hali kwenye akaunti yako mpaka ibadilike. Kimya cha ofisi si jibu.

Kukubali nafasi na kulipa ni vitu viwili. Chuo kingine hukutaka ubonyeze kukubali kwenye akaunti, kingine ujaze fomu na kuisaini, kingine vyote pamoja na malipo. Aliyelipa bila kukubali anaweza kuwa na risiti na asiwe na nafasi. Baada ya kukubali, subiri ujumbe wa uthibitisho na uuhifadhi.

Kwenye ada, angalia ni tarehe ambayo fedha ziwe zimefika au ziwe zimetumwa. Uhamisho wa benki kwenda nchi nyingine waweza kuchukua siku kadhaa, na benki za katikati hukata chao njiani, kiasi kikafika pungufu. Waambie benki gharama zote zibebwe na mtumaji. Namba yako ya mwombaji iandikwe kwenye malipo, la sivyo fedha zitakaa bila mwenyewe. Soma pia kifungu cha kurudishiwa: ukishindwa kutimiza sharti, malipo ya awali yanarudi au yamekwenda?

Saa ya mwisho ni saa ya kule chuo kilipo. Vyeti vya lugha vina ukomo, angalia chako kisiishe kabla ya kujiandikisha. Tafsiri ziwe za mtafsiri anayekubalika na chuo. Na barua pepe ikija ghafla kusema akaunti ya benki imebadilika, usilipe. Ingia mwenyewe kwenye akaunti yako ya mwombaji, au piga namba iliyo kwenye tovuti ya chuo, uulize.