Hofu ikipanda macho yakaona ukungu: jipime jicho moja moja

Karani mmoja wa chama cha msingi cha korosho alikuja kliniki yetu ya macho hapa Mtwara na miwani myeusi usoni, akiamini anapofuka. Kila mnada ukikaribia, ghalani moyo humwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, maandishi kwenye stakabadhi yanafifia, mwanga wa mlangoni unamchoma, na vidoa vinampita machoni. Nilimpitisha hatua hizi.

1. Tuliza pumzi kwanza. Hofu hupanua mboni, mwanga ukaingia mwingi, na jicho likashindwa kukaza vizuri kwenye vitu vya karibu. Pumzi za harakaharaka nazo huondoa kabonidayoksaidi nyingi mwilini, mishipa ya damu kichwani ikasinyaa. Ndipo kinakuja kizunguzungu na ganzi ya midomo na vidole. Kaa, vuta pumzi puani ukihesabu hadi nne, itoe ukihesabu hadi sita. Mambo ya kupumulia kwenye mfuko siyapendi kabisa. Kama uko kwenye pikipiki, egesha.

2. Ziba jicho moja, kisha lingine. Hapa usiharakishe. Tumia kalenda ya ukutani, umbali uleule, dirisha lilelile. Simu hapana, maana mwanga wake hubadilika nawe unaisogeza bila kujijua. Kama una miwani ya kusomea mbali, ivae. Ziba kwa kiganja kilichopinda kama kikombe: vidole hupitisha mwanga, na ukilikandamiza jicho, ukilifungua litaona ukungu dakika nzima, uanze kuogopa upya.

Ukungu wa hofu kwa kawaida uko macho yote mawili, na huisha mwili ukitulia. Ukibaki kwenye jicho moja, hiyo si hofu tu. Yule karani alipotulia, jicho la kulia lilisoma tarehe zote. La kushoto likakwama. Nikampa kadi yenye tundu la pini achungulie, tarehe zikasomeka. Tundu hupitisha miale michache tu ya katikati, ukungu ukapungua, kwa hiyo kikisomeka kilichokuwa hakisomeki, mara nyingi dawa ni miwani. Jaribu hili ukiwa umetulia, kwa sababu mboni iliyopanuka nayo huona vizuri zaidi kupitia tundu, ukadanganyika.

Sasa vidoa. Tazama ukuta mweupe, usitazame jua. Kidoa kinachokimbia ukisogeza jicho, kisha kikaelea polepole, ni kivuli cha uzi ulio kwenye ute wa ndani ya jicho. Wengi wetu tunavyo; mwenye hofu huvitafuta, basi anavikuta. Kinachonitisha ni vidoa vipya vingi kwa mpigo, kama masizi yaliyopeperushwa, au vimulimuli vya radi pembeni mwa jicho hata gizani, au kivuli kama pazia kinachofunika upande mmoja. Hapo retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inaweza kuwa inachanika au kubanduka. Pazia hilo ni rahisi kulikosa macho yote yakiwa wazi, kwa kuwa jicho zima huliziba pengo la mwenzake. Ndiyo maana nasisitiza kuziba. Wala usiseme "ni wasiwasi wangu tu" kwa kuwa moyo unadunda: pazia lenyewe linatosha kumtia mtu hofu.

3. Vua miwani myeusi ndani ya nyumba. Jicho likizoea giza, mwanga wa kawaida utazidi kuliumiza. Juani vaa. Na usinunue matone ya macho kwa kubahatisha: yenye steroidi hupandisha presha ya jicho kimyakimya.

4. Amua uende lini. Siku hiyohiyo: masizi, radi au pazia, jicho moja kupoteza nuru ghafla, jicho jekundu linalouma huku ukiona duara za rangi kuzunguka taa na kutapika. Ukungu ukija na mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kugoma, nenda moja kwa moja kitengo cha dharura. Ligula kwa wa Mtwara na Sokoine kwa wa Lindi ni hospitali za rufaa za mikoa. Ndani ya siku chache: ukungu usioisha ukitulia, au una kisukari au presha na hujawahi kupimwa macho.

5. Nenda na mtu. Matone ya kupanua mboni hukuacha na ukungu wa karibu kwa saa kadhaa, basi usiendeshe. Karani alipowekewa akacheka: "Dokta, hivi ndivyo ninavyoonaga ghalani!" Na kweli, mboni ilikuwa imepanuka vilevile, ila safari hii bila hofu. Retina zake zilikuwa salama. Alipata miwani kwa ajili ya jicho la kushoto, na kwa vipindi vya hofu nikamwandikia rufaa ya kliniki ya afya ya akili. Wewe ukienda kwa ajili ya masizi, radi au pazia, ukasomeshwa ubao wa herufi tu na kuruhusiwa, omba upanuliwe mboni: retina ya pembeni haionekani kwa kusoma herufi.