Kabla hujadiskaunti invoisi piga hesabu ya siku, usiangalie asilimia tu
Wenye mzigo kwa bayaa mkubwa anayelipa baada ya siku 90, sikilizeni hii. Tuseme invoisi ni 1,000,000, benki inakupa mapema asilimia 80 yaani 800,000 kabla bayaa hajalipa, halafu inakata asilimia 3 kwa mwezi kwenye hiyo pesa uliyopewa. Miezi mitatu ni 72,000, na bayaa akichelewa mwezi mmoja tu inakuwa 96,000, sasa kama faida yako kwenye hiyo oda ilikuwa 100,000 ujue imebaki 4,000 tu, na hapo ada ya kufungua faili bado. Ile 200,000 iliyobaki unapewa bayaa akishalipa, makato yakishatolewa. Na usisaini kabla hujauliza bayaa asipolipa kabisa deni linamrudia nani, maana mara nyingi ni wewe.