Wiki ya kazi Marekani: uliza inaanza siku gani kabla ya kuchukua zamu

Mwaka wangu wa kwanza Marekani, katika nyumba ya kutunzia wazee, nilipiga zamu tano mfululizo, Alhamisi hadi Jumatatu, saa 12 kila siku. Jumla saa 60. Kichwani nikaweka saa 20 za ovataimu. Slipu ya mshahara ilipotoka, mstari wa ovataimu ulikuwa sifuri, na kwa mujibu wa sheria slipu ilikuwa sahihi.

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1938 haihesabu siku ulizochoka mfululizo. Inahesabu wiki ya kazi, yaani saa 168 zinazofuatana, na mwajiri ndiye anayechagua zianze siku gani na saa ngapi. Zinazozidi 40 ndani ya wiki hiyo hulipwa mara moja na nusu. Kila wiki inasimama peke yake, hata kama mshahara unatoka kila baada ya wiki mbili.

Wiki yetu ilianza Jumapili. Kwa hiyo Alhamisi hadi Jumamosi nilikuwa na saa 36, na Jumapili na Jumatatu, saa 24, zikaangukia wiki ya pili, ambayo sikufanya zamu nyingine. Ingeanza Jumatatu, Alhamisi hadi Jumapili zingefika 48, ovataimu saa 8. Ingeanza Alhamisi, ningepata zote 20. Kwa dola 18 kwa saa, nyongeza ya nusu kwa saa 20 ni dola 180. Jasho ni lile lile.

Narudia: uliza siku, kisha uliza na saa. Wiki ikianza saa sita usiku wa kuamkia Jumapili, zamu ya Jumamosi saa moja usiku hadi saa moja asubuhi inakatwa: saa 5 wiki hii, saa 7 ijayo.

Wapendwa wa nyumbani, mkisikia nimefanya saa 60, msiniwekee ahadi ya mchango kabla slipu haijatoka. Shangazi alishafanya hivyo, na aibu tukaibeba wote.

Nchi hii kila kitu kimeandikwa, ila hakuna atakayekusomea. Kwa maoni yangu huo si ungwana, hasa kwa mgeni. Omba ofisi ya utumishi ikuonyeshe kwa maandishi. Waulize pia kama wanatumia kipindi cha siku 14 kinachoruhusiwa kwa hospitali na nyumba za wazee, maana hapo kinachozidi saa 8 kwa siku au 80 kwa kipindi ni ovataimu. Na majimbo kama Kalifonia yana ovataimu ya kila siku.

Siku ya kuanzia inaweza kubadilishwa, lakini mabadiliko yawe ya kudumu, si ya kukwepa ovataimu. Ukiona inahama kila rosta inapokuwa nzito, tunza slipu na rosta zako, upeleke malalamiko kitengo cha mishahara na saa za kazi cha Wizara ya Kazi. Usikae nayo: kwa kawaida madai yanarudi nyuma miaka 2, au 3 mwajiri akiwa amevunja sheria kwa makusudi.